Sekunde Saba

Vijana wanaorekodi video huku Mbweni wana sheria moja ambayo haijaandikwa popote. Inasema kwamba ukitumia kazi ya mtu kwa sekunde saba tu, huwezi kuguswa. Wengine wanasema kumi, na nimekutana na aliyeniapia kuwa ni thelathini. Mdogo wangu aliamini saba, na kwa kuwa chaneli yake ndiyo inayomlipia nauli na bando akiwa chuoni, imani hiyo ilikuwa na gharama.

Video iliyomletea shida ilikuwa ya kutazama wimbo mpya wa bongo fleva na kuutolea maoni. Wimbo wenyewe ulikuwa wa dakika 3 na sekunde 37. Alicheza sekunde saba, akasimamisha, akasema "Ooh, umesikia hiyo?", akaendelea na sekunde saba nyingine. Siku ya pili alipata taarifa kuwa mapato ya video hiyo yatakwenda kwa mwenye wimbo. "Dada, mbona sikuvuka saba hata mara moja?" aliniuliza. Tulikaa tukahesabu. Vilikuwa vipande 31, na saba mara 31 ni sekunde 217. Alikuwa ameweka wimbo mzima, ila ameukatakata.

Wakati huo nilikuwa naandika tasnifu ya shahada ya uzamili, na jambo nililolizoea kila siku lilikuwa kunukuu. Ndiyo maana nilipofungua Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ile inayosimamiwa na COSOTA, kifungu cha 12 hakikunishangaza. Kinaruhusu kunukuu kazi iliyokwisha kuchapishwa kihalali bila kumwomba mwenyewe ruhusa, kwa masharti. Utaje chanzo na jina la mtunzi. Nukuu yako iendane na desturi ya haki. Na urefu wake usizidi ule unaohitajika kwa lengo lako. Hakuna sekunde hata moja iliyotajwa. Ni masharti yaleyale ya Mkataba wa Berne, na ni yaleyale anayodai msimamizi wangu anapoandika pembeni mwa ukurasa: "Umenukuu aya nzima, lakini wewe unasema nini?"

Swali hilo ndilo kiini cha jambo lote. Kipande kinapimwa kwa kazi kinayoifanya ndani ya hoja yako. Sekunde tatu zisizo na hoja zinaweza kuwa nyingi mno, na dakika tatu zenye hoja zinaweza kuvumilika.

Mfano wa dakika tatu upo, nao ulifika mahakamani New York. Mwaka 2016 Ethan na Hila Klein, wenye chaneli ya h3h3Productions, walishtakiwa na Matt Hosseinzadeh, mtengenezaji wa filamu fupi za YouTube. Filamu yake ilikuwa na dakika 5 na sekunde 24. Wao walitumia dakika 3 na sekunde 15 za filamu hiyo, zaidi ya nusu, ndani ya video yao iliyokaribia dakika 14. Agosti 2017 Jaji Katherine Forrest aliamua kuwa hawakukiuka haki yake. Walikuwa wakisimamisha kila mara, wakichambua na kukejeli mstari kwa mstari, na mtu aliyetazama video yao hangeweza kusema ameitazama filamu. Lakini jaji aliongeza tahadhari ambayo wengi wanaoitaja kesi hii huiruka: si kila video ya namna hii inalindwa. Nyingine, alieleza, zinafanana na watu waliokaa pamoja kutazama kitu bila kukitolea maoni. Hapo ndipo video ya mdogo wangu ilipoangukia.

Kesi ya Marekani inamhusu kijana wa Mbweni kwa sababu YouTube huendesha malalamiko ya hakimiliki kwa utaratibu wa sheria ya Marekani. Huko hutazamwa mambo manne: lengo la matumizi, aina ya kazi iliyotumiwa, kiasi kilichochukuliwa, na kama matumizi hayo yanamharibia mwenyewe soko. Mimi hilo la mwisho nalipima kwa swali jepesi: baada ya kukutazama wewe, mtu bado ana sababu ya kwenda kuusikiliza wimbo wenyewe?

Tuliirudia video. Nilimwambia kabla ya kukata chochote aandike kwenye daftari sentensi moja anayotaka kuithibitisha. Ilimchukua jioni nzima. Mwishowe aliandika kwamba ubeti wa pili unatembea juu ya mdundo wa singeli uliopunguzwa kasi, na kwamba ndiyo maana wimbo unaonekana mpya. Kwa hoja hiyo alihitaji vipande vitatu tu: sekunde 9 za mwanzo ili kulinganisha, sekunde 12 za ubeti wa pili, na sekunde 6 za ngoma peke yake. Jumla ni 27 kati ya 217. Katikati alipiga mdundo ule mezani kwa vidole, polepole kisha haraka. Jina la msanii, la mtayarishaji na la wimbo yalikaa kwenye skrini kila kipande kilipocheza.

Na bado dai lilikuja, kwa zile sekunde 12. Content ID ni mashine inayolinganisha sauti na picha. Haijui kifungu cha 12 wala kesi ya New York. Hata muziki wa ukumbi wa harusi wa jirani ukiingia kwenye maikrofoni yako, inaweza kuudaka. Dai la namna hii si straiki: video hubaki, kinachogombewa ni mapato. Ukilipinga ndani ya siku tano, fedha huzuiliwa tangu siku dai lilipowekwa hadi mgogoro uishe, na mdai ana siku 30 za kujibu. Mdogo wangu alipinga siku ya tatu. Hakuandika kwamba ametumia sekunde chache. Alieleza kila kipande kinathibitisha nini na dakika ya ngapi anakichambua. Siku ya 19 dai liliondolewa.

Straiki ni jambo jingine. Hiyo hutokana na ombi rasmi la kisheria la kuondoa video, na tatu ndani ya siku 90 zinaweza kuifuta chaneli. Unaweza kumwomba mlalamikaji alifute ombi lake, au kupeleka pingamizi rasmi. Naye ana siku 10 za kazi kuonyesha kwamba amefungua kesi, la sivyo video inaweza kurudishwa. Lakini pingamizi hilo hubeba jina lako halisi na anwani yako, na humfikia yeye. Nilimwambia asilitume kamwe kwa video ambayo hawezi kuitetea mbele ya hakimu, kwa sababu huko ndiko inakoweza kuishia. "Matumizi ya haki" ni utetezi, na utetezi husikilizwa ukiwa umeshashtakiwa.

Siku hizi daftari lake lina kurasa nyingi zilizokatwa mstari. Ni nyimbo alizozipenda lakini hakupata sentensi ya kuzisemea. Hizo huziweka kwenye simu, akazisikiliza kwenye daladala kama sisi wengine.