Vitabu 58 na kodi ya Februari

Januari mwaka huu nilihesabu vitabu nilivyokuwa navyo kwenye bedsita yangu Kangemi. Vilikuwa 58. Kodi ni elfu saba, kazi ya kuandika ilikuwa imekauka tangu Desemba, na mteja aliyenidai makala mbili kabla ya Krismasi alikuwa hashiki simu tena. Vitabu ndivyo vitu pekee vya kuuzika nilivyokuwa navyo, ukiondoa simu na meko.

Vingi nilivitoa nyumbani nilipoingia chuo kusoma uhandisi. Nilitoka mwaka wa pili kabla ya mitihani, karo ikiwa haijalipwa, na kwa miaka mitatu nimekuwa nikiwaambia watu kwamba nimepumzika tu kidogo. Vitabu vya chuo vilikaa kwenye rafu kama ushahidi wa hiyo stori. Kwa hivyo kuviuza hakukuwa jambo la pesa peke yake.

Kitu cha kwanza nilichofanya, na ningemshauri yeyote aanzie hapo, ni kwenda tauni kama mnunuzi. Nilipanda matatu hadi tauni bila kubeba kitabu hata kimoja, nikatembea kutoka Moi Avenue hadi Latema na Tom Mboya, nikiuliza bei kwa wauzaji wa vitabu vya inama, wale wanaovipanga chini kwenye gunia. Ukienda umebeba begi zima, wanajua una shida. Ukienda ukiuliza, "Hii ya Kemia kidato cha tatu ni ngapi?", unaambiwa bei ya soko bila mchezo. Nilichojifunza ni kwamba kitabu kilichotumika lakini kiko sawa kinauzwa karibu nusu ya bei ya dukani, na muuzaji naye akikinunua kwako hatakupa zaidi ya nusu ya hiyo nusu. Hakuibii. Anaweza kukaa nacho miezi sita juani, akikimbizana na askari wa kaunti, kabla hakijapata mtu.

Nilirudi nyumbani nikavipanga sakafuni kwa mafungu. Vya sekondari 14, fasihi ya kutahiniwa 5, vya chuo 9, riwaya 20, vya msingi 7, na vitatu vya kubahatisha: kamusi, atlasi na kimoja cha kukufundisha kuwa tajiri.

Vya msingi vilikufa papo hapo. KCPE ya mwisho ilifanywa 2023, na watoto wa sasa wako kwenye mtaala mwingine kabisa wenye gredi. Kitabu cha Darasa la Sita cha 8-4-4 hakina mwenyewe tena.

Vya sekondari vinataka hesabu. Kundi la mwisho la 8-4-4 liliingia kidato cha kwanza 2024, kwa hivyo mwaka huu liko kidato cha tatu na mwakani litafanya KCSE. Nyuma yao kuna Gredi ya 10, na hao hawagusi vitabu vyetu. Maana yake ni kwamba kitabu cha kidato cha tatu au cha nne bado kina wateja, ila ni wateja wanaopungua. Cha kidato cha kwanza na cha pili hakina darasa linalokitumia, lakini hakijafa bado, kwa sababu KCSE inatahini kazi ya miaka yote minne na mtu wa marudio anakihitaji. Kinauzika kwa bei ya chini. Baada ya mtihani wa 2027 mlango unafungwa. Kama unavyo chini ya kitanda ukingoja bei ipande, haitapanda.

Katika hivyo 14, vitatu vilinipa aibu. Ndani ya jalada vilikuwa na mhuri wa serikali unaosema haviuzwi. Tangu 2018 serikali ilianza kupeleka vitabu moja kwa moja shuleni, na mimi niliondoka na vya shule yangu bila kufikiria. Muuzaji mwenye akili hukifungua kitabu ukurasa wa kwanza kabla ya kukuuliza bei, na akiona huo mhuri anakurudishia kama moto. Ukiurarua huo ukurasa, anajua pia kwa nini umeraruliwa. Binamu yangu alikuwa akirudi Nakuru, nikampa avirudishe shuleni. Hakuna aliyeniuliza kitu.

Vilivyobaki 11 nilivipiga picha. Hapa watu wengi hukosea: wanapiga picha moja ya rundo zima na kuandika "vitabu vinauzwa, njoo inboksi". Nilipiga kila kitabu picha tatu: jalada, ukurasa wenye toleo na mwaka, na ukurasa mbaya kuliko yote. Huo wa mwisho ndio uliouza. Mnunuzi akiona doa la chai mapema hana la kukukatia bei mkikutana. Kisha niliandika somo, kidato, toleo, bei, na mahali pa kukutana. Niliviweka kwenye Jiji na Facebook Marketplace, halafu kwenye grupu ya WhatsApp ya plotini.

Jiji ilinipa watu kumi na wanane wa kuuliza "bei ya mwisho?" bila kusema hata hujambo, na hakuna aliyekuja. Plotini ilinipa Mama Brayo wa ghorofa ya pili, ambaye binti yake yuko kidato cha tatu. Alichukua vinne kwa 350 kila kimoja. Ilikuwa wiki ya shule kufunguliwa, na hiyo ndiyo siri yote ya bei ya vitabu vya shule. Vilevile, wiki tatu baadaye, nisingepata hata soo mbili, kwa sababu kila mzazi ashanunua. Saba vilivyobaki nilivipeleka Latema: viwili vya kidato cha nne kwa 150, vitano vya chini kwa 60. Jumla elfu mbili kutoka sekondari.

Nilikuwa pia nimebeba fasihi. Nilidhani Kigogo na Chozi la Heri zitaenda haraka. Muuzaji alizitazama akacheka kwa upole. "Siste, hizi zilitoka. Sahii watoto wanasoma Bembea ya Maisha na Nguu za Jadi. Hii nikikupea finje nimekusaidia." Kitabu cha kutahiniwa hupanda bei miaka yake ikiwa inaendelea, kisha siku kinapobadilishwa kinageuka kuwa riwaya au tamthilia ya kawaida tu. Nilirudi nazo.

Riwaya 20 niliziweka kwenye stetasi ya WhatsApp, tano kwa siku. Nane zilienda kwa 250 kila moja, zote kwa marafiki na marafiki wa marafiki. Hapo niligundua kwamba kwa riwaya watu hawanunui kitabu, wananunua sentensi mbili ulizoandika chini ya picha. Zile nilizoandika jina tu hazikusonga.

Kisha vya chuo. Vinne kati ya tisa vilikuwa fotokopi zilizofungwa kwa waya, zile tulizotolewa kwa shilingi mia tatu nyuma ya kampasi. Hizo huwezi kuuza. Kwanza ni haki ya mwandishi wa watu, pili mwanafunzi anaweza kujitolea yake kesho. Vitano vya kweli nilivitangaza kwenye grupu ya darasa letu la zamani, ambayo sikuwa nimeandika kitu tangu niondoke. Nilikaa na ule ujumbe dakika arobaini kabla ya kuutuma. Mtu mmoja alijibu, "Kumbe uko!" Mwingine akanitumia namba ya mdogo wake wa mwaka wa kwanza.

Tulikutana mbele ya Makavazi ya Kitaifa, Moi Avenue, saa sita mchana, mahali penye watu. Kijana alitaka vyote vitano. Stroud, kile kitabu kinene cha hisabati ya uhandisi, nilikiomba 1,500 tukakubaliana 1,200. Vingine vinne vilienda kwa 800, 700, 600 na 400. Aliponionyesha ujumbe wa M-Pesa kwenye simu yake, nilimwambia angoje kidogo. Sikuwa namshuku, ila ujumbe wa kughushi unatengenezwa kwa urahisi. Nilipiga *334#, nikaangalia salio langu mwenyewe, nikaona 3,700 zimeingia, ndipo nikaachilia begi.

Alikuwa akipekua Stroud. Kitabu hicho kimegawanywa kwa programu badala ya sura, na mimi nilikuwa nimeandika kwa penseli pembeni mwa kila hesabu. Akafungua, akafungua, halafu akasimama. "Hizi ni zako?" Nikasema ndiyo. Akaendelea kufungua kurasa safi. "Kwani uliishia hapa?"

"Niliishia hapo."

Hakuuliza kwa nini. Alisema maandishi yatamsaidia hadi hapo, na kutoka hapo atajiandikia. Nilipanda matatu nikiwa na begi jepesi, na kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu nilikuwa nimemwambia mtu ukweli kuhusu chuo.

Vilivyobaki nilitaka kuvitoa sadaka, na hapo pia nilikuwa na somo. Karibu na kwetu kuna maktaba ndogo ya jamii, chumba kimoja cha mabati. Nilipiga simu kwanza, na mama anayeisimamia akaniambia nipeleke, ila atachagua. Nilidhani maskini hachagui. Alikaa nami mezani akifungua kimoja kimoja. Riwaya 12 alichukua zote. Fasihi tano alichukua. Kamusi aliikumbatia. Atlasi aliifungua moja kwa moja kwenye ramani ya Afrika, akatafuta Sudan Kusini, akaikosa. Kitabu cha kabla ya 2011. "Hii itawadanganya watoto," akasema, akanirudishia.

Kile cha utajiri alikigeuza, akaona maandishi ya kijivu yamepinda na gundi imemwagika kwenye mgongo. Ni cha kughushi. Alisema maktaba haiwezi kuweka kitu kilichoibwa kwa mwandishi. Vya msingi hakuvigusa. "Watu huniletea takataka zao wajisikie vizuri. Halafu mimi ndiye natafuta pesa ya kuzitupa." Nilikumbuka kwamba hata Book Aid International, shirika la Uingereza ambalo hutuma vitabu Kenya, hutuma vipya tu. Sasa naelewa. Kipimo ni rahisi: kama usingempa mtoto wako mwenyewe akisome, usimpelekee mtoto wa mwenzako.

Vile 13 ambavyo havikuwa na mtu, yaani vya msingi, fotokopi, atlasi na cha utajiri, nilivipeleka kwa jamaa wa makaratasi, ambaye hupima kwa kilo. Nilipata pesa ya chai na mandazi.

Hesabu ya mwisho ni elfu saba na mia saba. Toa nauli na bando, karibu mia sita. Ilibaki kodi na shilingi mia moja. Nililipa tarehe nne, siku moja kabla ya keateka kuanza kugonga milango.

Rafu iko tupu sasa, nimeweka sufuria juu yake. Juzi mdogo wa yule mwenzangu alinitumia picha ya ukurasa wa Stroud, ule wa kwanza usio na penseli yangu. Alikuwa ameandika pembeni kwa wino wa bluu, na chini yake akaniuliza kama hesabu ya tatu ameipata. Nilikaa nayo jioni nzima. Alikuwa amekosea alama moja.