Ngazi ya Sikuda na Namba Kubwa

Mwezi uliopita sikuonekana hapa kwa wiki mbili na wengine mliuliza nimeenda wapi. Nilikuwa Sikuda, upande wa Busia ya Uganda, kwa dada yangu aliyeolewa kule, nikimalizia jiko lake. Sisi tuliovuka mpaka mwaka 2008 tukapitia Mulanda, Tororo, kabla ya kuletwa Kiryandongo, wengi tuna mtu wetu pande zile, kwa hiyo safari yenyewe si habari. Habari ni hesabu niliyomfundisha vibaya mtoto wa dada.

Kijana yuko darasa la saba na PLE inamngoja. Jioni moja akanijia na daftari, "Mjomba, wewe ni fundi, hii ya ngazi unaijua." Swali lilikuwa hivi: ngazi ya mita 5 imeegemea ukuta, mguu wake uko mita 1.4 kutoka ukutani, je, kichwa chake kimefika wapi juu ya ukuta? Yeye alikuwa amepiga 5 mara 5, akapata 25, akapiga 1.4 mara 1.4, akapata 1.96, akajumlisha, 26.96. Kipeuo cha pili cha hiyo akaandika 5.19.

Nikacheka. Nikamwambia chukua ngazi ya mita tano, isimamishe wima kabisa, iguse ukuta toka chini hadi juu. Imefika wapi? Akasema mita tano. Sasa vuta mguu wake nyuma kidogo. Kichwa kinapanda au kinashuka? "Kinashuka." Basi ngazi yako wewe umevuta mguu nyuma na kichwa kikapanda juu zaidi ya ngazi yenyewe, sentimita kumi na tisa hewani. Hapo akaona mwenyewe. Akatoa badala ya kujumlisha: 25 toa 1.96 ni 23.04, na kipeuo chake ni 4.8 kamili. Kichwa kimeshuka sentimita ishirini tu kutoka ile mita tano. Hiyo inaingia akilini.

Kama ningeishia hapo ningekuwa mjomba mzuri. Lakini nikaongeza maneno. Nikamwambia, "Sikiza, usijisumbue. Haipotenusi ndiyo upande mrefu kuliko zote. Kwa hivyo tafuta namba kubwa kwenye swali, hiyo ndiyo haipotenusi, toa ile ndogo, umemaliza." Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua.

Siku ya pili akarudi na daftari limesahihishwa. La kwanza vema, la pili mkasi mkubwa mwekundu. Hakunilaumu, alinionyesha tu akasema, "Nilifuata ile ulisema." Wazee wenzangu, hilo neno linauma kuliko matusi.

Swali la pili lilikuwa: ukuta una mita 4, mguu wa ngazi uko mita 0.9 kutoka ukutani, na kichwa chake kinagusa ukingo wa juu wa ukuta bila kupita. Ngazi ni ya urefu gani? Kijana akatafuta namba kubwa, akaona 4, akaifanya haipotenusi. 16 toa 0.81 ni 15.19, kipeuo chake kama 3.9. Akaandika: ngazi ni mita 3.9. Yaani ngazi fupi kuliko ukuta, mguu umevutwa nyuma, na bado kichwa kinagusa juu kabisa. Ni kosa lile lile la kwanza limegeuzwa, na mimi ndiye nililipanda.

Ni kweli kwamba haipotenusi ni upande mrefu kuliko zote. Lakini ni mrefu kuliko pande zote tatu za pembetatu, na mwenye swali amekupa mbili tu. Ule wa tatu ndio ameuficha. Ukichukua ile namba kubwa ya mbili ulizopewa, unaweza kuwa sawa kama ngazi imetajwa, na unaweza kupotea kabisa kama ngazi ndiyo inayotafutwa. Ukubwa wa namba haukuambii kitu mpaka ujue ni urefu wa nini.

Kwa hiyo nikafuta maneno yangu mbele yake, na mama yake akisikia. Nikamwambia anza na pembe. Ukuta umesimama, ardhi imelala, pale zinapokutana ndipo pana pembe mraba, ya nyuzi 90. Pande mbili zinazoifanya hiyo pembe ni ukuta na ardhi. Ule usioigusa, unaotazamana nayo kutoka ng'ambo, ndio haipotenusi, hata kama swali halijataja urefu wake. Basi 16 jumlisha 0.81 ni 16.81, na kipeuo chake ni 4.1. Ngazi imezidi ukuta kwa sentimita kumi. Ukiijaribu kwa ile ya kusimamisha wima, inakubali: ngazi ya 4.1 ikisimama ingepita ukuta kidogo, ukivuta mguu inashuka hadi ukingoni.

Tukakubaliana awe anarudishia jibu kila mara, yaani lile jibu alilopata aliweke pamoja na upande mwingine mfupi, azidishe kila mmoja kwa wenyewe, ajumlishe, aone kama anarudi kwenye mraba wa ngazi. Hii inakamata kosa ambalo macho hayalioni. Kuna mwenzake, kijana wa jirani, kwenye lile swali la kwanza alitoa tu 1.4 kwenye 5 akapata 3.6. Ni fupi kuliko ngazi, kwa hiyo kwa kutazama tu inapita. Lakini rudishia: 3.6 mara 3.6 ni 12.96, ongeza 1.96, ni 14.92. Ngazi inataka 25. Haifiki hata karibu. Kama tofauti ni ya vidoa vidogo mwishoni, hiyo ni kwa sababu umekata namba nyuma ya nukta, si neno. Kumi nzima ikikosekana, kuna jambo.

Kumbe hii hesabu ni ya zamani kweli. Kuna bamba la udongo wa mfinyanzi kutoka Babeli, Iraki ya leo, liko kwenye jumba la makumbusho la Uingereza kule London, lina miaka zaidi ya elfu tatu na mia tano. Ndani yake kuna swali la gogo lililosimama wima ukutani. Gogo ni la vipimo 30, kichwa kimeteleza chini vipimo 6, je, mguu umesogea kiasi gani? Kichwa sasa kiko 24. 900 toa 576 ni 324, na mguu uko 18. Nilipenda kwamba wao walianza na gogo likiwa wima. Hapo mtu hawezi kukosea ni nini haipotenusi, kwa sababu amelishika kabla halijateleza.

Kesho yake kijana akataka kujaribu kwenye ngazi ya kweli. Jiko la dada lilikuwa limefika juu, tunangoja mbao. Ngazi yangu niliitengeneza hapo hapo kwa miti ya kalitusi na misumari, imekaa mita 3.5. Ilikuwa imeegemea ukutani vile nilivyoiacha jana yake. Akachukua tepu, akapima kutoka mguu wa ngazi hadi ukutani, mita moja kamili. Akakaa kwenye tofali akapiga: 12.25 toa 1 ni 11.25, kipeuo kama 3.35. Akarudishia, ikarudi. Akaangalia kama ni fupi kuliko ngazi, ni fupi. Akatangaza ukuta wa mama ni mita 3.35.

Mimi nilijenga ule ukuta kwa mikono yangu. Ni mita 2.4.

Akapima kwa tepu, 2.4. Akapima tena mguu wa ngazi. Akafikiri tepu ni mbovu. Kwanza nikampa timazi aangalie kama ukuta umesimama, maana ukuta ulioinama hauna pembe mraba na hesabu yote ya Pithagora inaanguka. Kamba ikatulia sawa na ukuta. Chini pia ni sawa, nilishasawazisha kwa pima maji. Akasimama mbali kidogo, akatazama, akasema polepole, "Mjomba, ngazi imepita."

Ndiyo. Ngazi haikuishia ukingoni, ilikuwa inaelea juu ya ukuta kwenda angani. Pembetatu inaanza mguuni na kuishia pale ngazi inapogusa ukingo, na kipande cha juu hakimo kabisa. Alichukua mita 3.5 yote kama haipotenusi. Kila kitu alichokagua kilikuwa sawa kwa sababu hesabu yenyewe ilikuwa sawa, ila ilikuwa ya pembetatu ambayo haipo pale Sikuda. Nikamwambia aweke chaki pale ngazi inapogusa ukingo, apime kutoka mguuni hadi chaki. Akapata 2.6. Sasa 6.76 toa 1 ni 5.76, na kipeuo chake ni 2.4. Ukuta ukarudi mahali pake. Juu ya chaki kulibaki sentimita tisini.

Kwenye vitabu hawa wanaotunga maswali mara nyingi husema kichwa cha ngazi kinagusa ukuta, kwa hiyo ngazi yote ni haipotenusi na hutapata shida hii. Lakini siku hizi wengine huongeza maneno kama "ngazi imezidi ukuta kwa nusu mita", na mtoto anayesoma haraka anayaruka. Ukiona maneno hayo, toa kile kilichozidi kwanza, ndipo uanze miraba.

Dada akatuita chai. Kabla ya kwenda nikamwonyesha kwamba ile mita moja ni mbali sana kwa kupanda, ngazi imelala mno, mguu unaweza kuteleza. Mafundi tunaweka mguu kiasi cha robo ya kimo mpaka pale inapogusa. Ukuta ni 2.4, robo yake ni 0.6. Nikamwambia asogeze mguu hadi sentimita sitini, na kabla ya kushika tepu aniambie chaki mpya itakuwa wapi. Akapiga kwenye vumbi kwa kijiti: 5.76 jumlisha 0.36, 6.12, kipeuo kama 2.47. Safari hii alijumlisha bila kuniuliza. Akaweka tepu, ikasoma 2.47 na unywele kidogo. Juu ya ukingo ilibaki mita moja na sentimita tatu, ya kutosha kushika mkono. Yeye akashikilia chini, mimi nikapanda.