Barua kwa mpwa wangu juu ya makato ya Bodi ya Mikopo

Morogoro

Mwanangu,

Picha za slipu zako za mshahara nimezipata, zote 11, za Januari hadi Novemba 2025, pamoja na ile taarifa ya deni uliyoitoa kwenye mfumo wa Bodi juzi. Nimezipanga mezani na kuvaa miwani kama enzi zangu za ofisi ya mishahara. Umeniuliza mambo mawili: nani aliruhusu ukatwe wakati hukusaini popote, na kwa nini deni halishuki kama unavyokatwa. La kwanza ni fupi. La pili ndilo la kukaa nalo.

Hapo shuleni unapofundisha hukusaini kwa sababu saini yako haihitajiki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamkataza mwajiri kugusa mshahara wako bila idhini yako ya maandishi, lakini imeacha mlango kwa makato yanayotakiwa na sheria nyingine au kuamriwa na mahakama. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu nayo ina sheria yake, Namba 9 ya mwaka huohuo wa 2004, na hiyo inamwagiza mwajiri akukate asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Zamani ilikuwa asilimia 8; ilipandishwa kwa marekebisho ya 2016, na nakumbuka watumishi walivyojazana mlangoni kwangu wakidhani mimi ndiye niliyepandisha. Kwa hiyo usimnunie mhasibu wa shule kwa kukukata. Kama kuna la kumnunia, liko mbele.

Sasa shika slipu ya Oktoba. Mshahara wa msingi ni 800,000. Posho ya nyumba na usafiri ni 150,000. Jumla 950,000. Watu wengi hukosea hapa: wengine hupiga asilimia 15 kwenye jumla, wengine kwenye kile kinachobaki baada ya kodi. Yote mawili si sahihi. Hesabu inaanzia kwenye mshahara wa msingi, kabla ya kitu chochote kutolewa, na posho haimo. Asilimia 15 ya 800,000 ni 120,000, na slipu yako inasema 120,000. Hapo mwajiri yuko sawa. Angepiga kwenye jumla ungeona 142,500, na ungekuwa na haki ya kuhoji hiyo 22,500 ya ziada.

Nimeona umeandika pembeni kwa kalamu kwamba kodi ingepaswa kushuka kwa sababu ya mkopo. Haishuki. Mchango wako wa NSSF, 95,000, ndio unaotolewa kwanza, kisha kodi inapigwa kwenye 855,000 iliyobaki, ndiyo maana unaona 91,750. Makato ya Bodi huja baada ya hapo, kutoka kwenye fedha ambayo imeshatozwa kodi. Kwa hiyo 643,250 inayoingia benki ni sahihi hadi shilingi ya mwisho.

Basi slipu haina tatizo. Lakini, mwanangu, slipu inathibitisha kitu kimoja tu: kwamba fedha imetoka kwako. Haisemi imefika wapi. Aliyeandika slipu ni mwajiri, na inayopunguza deni ni Bodi, tena inapunguza kwa kile ilichopokea kikiwa na jina lako. Kati ya hao wawili kuna safari. Mwajiri anaomba namba ya kumbukumbu ya malipo, ile ninyi mnayoiita kontroo namba, analipia benki kwa mkupuo fedha za walimu wote, na mkupuo huo unaambatana na orodha: jina, namba ya mtihani wa kidato cha nne, kiasi. Bodi inakutambua kwa ile namba ya kidato cha nne. Huko ndiko mambo huharibika.

Njoo kwenye taarifa yako. Mwanzoni mwa Januari ilionyesha unadaiwa 7,200,000. Umekatwa miezi 11, kila mwezi 120,000, jumla 1,320,000. Kwa hiyo salio lingepaswa kuwa 5,880,000. Taarifa inasema 6,240,000. Tofauti ni 360,000.

Usiishie kulalamika kwamba "hawa jamaa wananiibia". Chukua hiyo tofauti uigawe kwa makato ya mwezi mmoja. 360,000 kwa 120,000 ni 3 kamili, bila mabaki. Ikigawanyika hivyo, maana yake kuna miezi mizima ambayo haijaingia, mitatu. Ingekuwa tofauti ya, tuseme, 52,000, ningekuambia tutafute tozo iliyoongezwa, au mwezi ambao mwajiri alipeleka pungufu ya alichokata. Miaka ya nyuma mgawanyo huu usingekusaidia, maana deni lilikuwa likiongezwa asilimia 6 kila mwaka kwa jina la kulinda thamani ya fedha. Kwa deni kama lako hiyo ni kama 432,000 kwa mwaka, yaani 36,000 kila mwezi zikirudi juu wakati wewe unashusha 120,000. Rais Samia alitangaza kuiondoa siku ya Mei Mosi 2021. Tangu hapo kutoa na kujumlisha kwa kawaida kunatosha, na mtu mwenye kalamu anaweza kuikagua Bodi akiwa kwake.

Nimeweka slipu upande huu na orodha ya malipo ya Bodi upande ule, mwezi kwa mwezi. Isiyoonekana ni Mei, Juni na Novemba. Novemba iache kwanza. Mwajiri ana hadi tarehe 15 ya mwezi unaofuata kupeleka fedha, na wewe umetoa taarifa Desemba ikiwa bado changa. Hiyo iko njiani, na ukiipigia kelele sasa utaonekana hujui mambo. Mei na Juni ndizo kesi. Fedha iliyokatwa Mei haiwezi kuwa njiani hadi Desemba.

Nenda kwa mhasibu wa shule. Nenda kwa adabu, maana hatujui bado kosa ni la nani. Mwombe vitu viwili vya Mei na Juni: stakabadhi ya malipo yenye ile kontroo namba, na orodha ya majina iliyoambatana nayo. Atakachokupa ndicho kitakachokuambia kosa liko wapi. Akiwa na stakabadhi, na jina lako limo na namba ya kidato cha nne ni yako, basi shule imemaliza kazi yake. Piga nakala, peleka Bodi kwenye ofisi yao ya kanda, na uombe fedha ihamishiwe kwenye akaunti yako. Ikiwa jina limo lakini namba ina tarakimu iliyokosewa, fedha hiyo imeingia kwa mtu mwingine au imebaki bila mwenyewe. Nimeliona hilo mara nyingi: shule ya sekondari uliyosoma ina namba yake, wewe una yako, na mwaka una wake, na mwandishi aliyechoka anageuza tarakimu mbili tu. Hapo unahitaji barua ya mwajiri inayokiri na kusahihisha, si maelezo yako ya mdomo.

Na asipokuwa na stakabadhi kabisa? Basi fedha ilikatwa ikatumika kwa jambo jingine, pengine mishahara ya mwezi huo huo, shule binafsi huwa na miezi ya njaa hasa kabla ya wazazi kulipa ada. Hata ikiwa hivyo, sheria haimsamehi. Mwajiri anayekata asipeleke anatozwa adhabu, na adhabu hiyo ni yake, hairuhusiwi kuingizwa kwenye deni lako. Mpe nafasi ya kulipa kwa maandishi, kisha peleka slipu zako mbili Bodi. Hizo slipu ndizo ushahidi wako, kwa hiyo usizifute kwenye simu ili upate nafasi ya video.

Kuna jambo hukuniuliza lakini nimeliona. Unasema ulipokea "boom" ya kama 4,000,000 na ushei kwa miaka yote mitatu, sasa 7,200,000 imetoka wapi. Boom ni ile uliyoshika mkononi. Ada ililipwa moja kwa moja chuoni, hukuiona, na fedha ya vitabu na mafunzo kwa vitendo nayo imo. Juu yake kuna asilimia 1 ya gharama za uendeshaji. Fungua sehemu ya taarifa inayoonyesha mkopo wa kila mwaka wa masomo na ujumlishe. Angalia hasa mwaka wa pili, ule muhula ulioahirisha ulipougua. Kama chuo kilipokea ada ya muhula ambao hukusoma, kilipaswa kuirudisha Bodi, na kama hakikurudisha unadaiwa masomo ambayo hukuyapata. Barua ya chuo ya kuahirisha unayo, niliiona kwenye kabati la baba yako.

Kwa mwendo huu, ukianza na 7,200,000 kwa 120,000 kwa mwezi, ni miezi 60. Mshahara ukipanda makato nayo yanapanda, maana ni asilimia, kwa hiyo usishtuke slipu ya mwezi huo ikibadilika. Piga hesabu upya kwenye mshahara mpya wa msingi. Ukihama shule, mwambie mwajiri mpya namba yako mapema, la sivyo miezi itapita bila makato na deni litabaki pale pale. Mwishoni kabisa kuwa macho. Salio likibaki 80,000, mashine ya mishahara haijui, itakata 120,000 kama kawaida, na itaendelea hadi Bodi imwandikie mwajiri asimamishe. Miezi michache kabla ya kumaliza, anza kuwasumbua Bodi wewe mwenyewe, udai kilichozidi kirudishwe, na uombe cheti cha kumaliza mkopo.

Baada ya tarehe 20 toa taarifa nyingine, uone kama Novemba imeingia, kisha nitumie pamoja na jibu la mhasibu kuhusu Mei na Juni. Shilingi 240,000 bado hazijaonekana, na mwenye kuzitafuta ni wewe.

Shangazi yako