Kati ya Nia na Wajibu

Kazi iliyonipa riziki katika nusu ya pili ya umri wangu ni tarjuma, nami niliifanya kandokando ya Ziwa Viktoria, mbali na Mombasa nilikozaliwa na kulelewa. Nilifika Migori kwa ukarani nikiwa kijana, na mji ule wa Waluo, Wakuria, Wakisii, Wasomali na Waluhya, unaopokea kila siku wachuuzi wavukao mpaka wa Isebania kutoka Sirari, ulinionyesha kwamba Kiswahili kinaweza kuwa lugha ya lazima hata pale ambapo si lugha ya mama ya mtu yeyote. Katiba ya mwaka 2010 ilipokitaja katika ibara yake ya 7 kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, mashirika yenye ofisi Migori na Homa Bay yalianza kuona haya kuwataka watu watie saini katika karatasi wasizozifahamu, na karatasi hizo zikaanza kuja mezani kwangu. Nyingi zilikuwa hati za maelewano baina ya taasisi mbili, nami nikagundua kwamba hizo ndizo ngumu kupita zote, ingawa aghalabu hazizidi kurasa nne.

Ugumu wake unatokana na tabia yake. Mkataba wa kawaida huwafunga waliouandika, na mfasiri wake hajiulizi kama kila kifungu kinafunga. Hati ya maelewano haina hali moja: sehemu yake kubwa hueleza nia, matumaini na mwelekeo wa ushirikiano, bila ya kumpa yeyote haki ya kwenda mahakamani, lakini ndani yake hukaa vifungu viwili au vitatu, kama vile cha kutunza siri, cha kila mmoja kubeba gharama zake, au cha kutoa ilani kabla ya kujitoa, ambavyo wenyewe wamekusudia vifunge kwelikweli. Wenzangu wa pwani wataielewa hali hii upesi nikisema kwamba ni ibada moja yenye faradhi na suna ndani yake, na ole wake imamu asiyejua kuzipambanua.

Sharia ya mikataba ya Kenya, ambayo msingi wake ni sharia ya kawaida ya Uingereza, haitazami jina la hati bali makusudio ya walioiandika kama yanavyodhihirika katika maneno yao. Kwa hiyo karatasi iitwayo maelewano yaweza kuhukumiwa kuwa mkataba, na karatasi iitwayo mkataba yaweza kuonekana haina nguvu. Jambo hili halihusu mahakama zetu peke yake. Mwaka 1994 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua, katika shauri la Katari na Bahareni, kwamba kumbukumbu za mkutano uliofanyika Doha mwaka 1990, ambazo waziri wa Bahareni alisema hakuzitia saini kwa nia ya kuifunga nchi yake, zilikuwa makubaliano yenye kufunga. Na mwaka uliofuata mahakama ile ile ilirudi kwenye maandishi yale ya Kiarabu kupima kama neno lenye maana ya «pande mbili» lilitaka pande zote ziende kortini kwa pamoja, au liliruhusu upande mmoja kwenda peke yake. Ikaamua la pili, na shauri likaendelea ingawa Bahareni ilipinga. Nilipoisoma habari hiyo nilikoma kuyachukulia kimzaha majina tunayowapa wenye kutia saini.

Basi nianze na jina la hati yenyewe. Magazeti yetu ya Kenya yamezoea kuandika «mkataba wa maelewano», na mwenye kusikia «mkataba» amekwisha kusikia ahadi kabla hajafungua ukurasa wa kwanza. Mimi niliandika «hati ya maelewano», na mahali ambapo asili ya Kiingereza kwa makusudi iliepuka kuwaita wenye hati «wahusika wa mkataba» na kuwaita «washiriki», nami niliandika washiriki.

Kisha huja kitenzi. Kiingereza kina vitenzi visaidizi viwili ambavyo mtoto wa shule hufundishwa kuwa vyote ni vya wakati ujao, lakini mwandishi wa hati hutumia kimoja kuamuru na kingine kueleza tu kinachonuiwa, na Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza imeifanya tofauti hiyo kuwa kanuni: cha kwanza ni cha mikataba, cha pili ni cha maelewano. Kiswahili kwa vyote viwili kina -ta- moja. «Shirika litatoa boti» ni utabiri, ni ahadi, na ni amri ya sharia, kwa kutegemea nani anasoma na ana haja gani. Na mvuvi mwenye haja ya boti hana sababu ya kuisoma kuwa utabiri. Ukikimbilia «shirika litoe boti» umekwenda kwenye amri moja kwa moja. Kwa hiyo uzito uliokuwa katika kitenzi kisaidizi sharti uhamishiwe katika kitenzi kikuu, nami kabla ya kufasiri sentensi hata moja niliandika pembeni maneno nitakayoyatumia na kuyashika hadi mwisho: kukusudia, kutarajia na kuwa na nia kwa upande wa matamko, kulazimika na kuwajibika kwa upande wa masharti, na -ta- tupu kwa yale yasiyo na ubishi, kama siku ya hati kuanza kutumika. Kuahidi nilikuondoa kabisa. Kukubali nilikuonea shaka, kwa sababu mtu aweza kukubali kwamba jambo ni jema na aweza kukubali kulitenda, na hati haisemi ni lipi.

Hati ninayoikumbuka zaidi ilikuwa baina ya shirika moja lenye ofisi mjini Migori na umoja wa kamati za fukwe za upande wa Homa Bay, zile kamati za usimamizi ziitwazo BMU, zilizoundwa kwa kanuni za uvuvi za mwaka 2007. Makusudio yalikuwa kupunguza samaki wanaooza kabla ya kufika sokoni, maana omena iliyoanikwa chini huharibika mvua ikinyesha, na sangara asiyetiwa barafu hupoteza bei kabla ya jua la mchana. Hati ilitaja vichanja vya kuanikia, mafunzo, na ghala la barafu, na ghala hilo ndilo lililonikalisha usiku.

Kifungu cha Kiingereza kilisema kwamba shirika, kwa kutegemea fedha zilizopo, lina nia ya kufanya kazi kuelekea kuanzisha ghala. Mfasiri aliyenitangulia alikuwa amekwisha kuandika: «Fedha zikipatikana, shirika litajenga ghala la barafu ufukweni.» Sentensi hiyo ni fasaha, tena ni fupi, na ndiyo hatari yake. Imegeuza nia kuwa ahadi yenye sharti, na ahadi yenye sharti hukomaa sharti likitimia: siku shirika litakapopata fedha zozote, hata za kununulia pikipiki, wavuvi wana haki ya kuuliza liko wapi ghala. Tena kule «kufanya kazi kuelekea» kumemezwa na kitenzi kimoja cha kujenga. Niliandika badala yake: «Shirika linakusudia, kwa kadiri ya fedha zilizopo, kutafuta njia ya kuanzisha ghala la barafu.» Ni sentensi nzito kidogo, lakini uzito wake ni ule ule wa asili.

Nilishawishika kuongeza maneno «na kauli hii si ahadi ya kujenga», kwa kuwahurumia wasomaji. Sikuongeza. Mfasiri anayetia katika tarjuma kinga ambayo asili haina amekuwa mshiriki wa tatu katika hati isiyo yake, na ikiwa kuna haja ya kinga, basi iombwe kwa wenye hati ili iandikwe katika lugha zote mbili. Niliziandikia pande mbili barua nikieleza hivyo.

Hatari ya upande wa pili ni ndogo kwa macho, na ndiyo inayomnasa mfasiri aliyekwisha kuzoea kulegeza. Kifungu cha sita kilihusu taarifa za mapato ya wavuvi, ambazo shirika lingezikusanya kwa ajili ya utafiti wake, na kikasema kwamba zitunzwe kwa siri hata miaka miwili baada ya hati kwisha. Hapo hapana nia wala tarajio: «Kila mshiriki atalazimika kutunza siri ya taarifa hizo.» Kifungu cha tisa kikasema kwamba hapana katika hati hii kinachomfunga mshiriki kisharia isipokuwa cha sita na cha nane, hicho cha nane kikiwa cha ilani ya siku thelathini. Sentensi ya namna hii, yenye kukanusha na kutoa kwa pamoja, huvunjika upesi: ukiandika «vifungu vya hati hii, isipokuwa cha sita na cha nane, havifungi wala havina ulazima wa kutekelezwa», umeongeza kwa mkono wako ruhusa ya kutotekeleza, ambayo hakuna aliyeiomba. Nikaipasua iwe mbili: kifungu cha sita na cha nane vinawafunga washiriki kisharia, vifungu vingine vyote haviwafungi kisharia. Maana haikubadilika, na hapana aliyepotea.

Tulisoma rasimu kwa sauti mbele ya kamati huko Homa Bay, baada ya kupita Awendo na Rongo katika matatu iliyojaa magunia. Mweka hazina wao, mama mwenye biashara ya omena na sauti isiyotaka kipaza, alinisimamisha kwenye ghala.

«Mzee, nisaidie hapa. Wasipolijenga, tutawashtaki?»

«La, mama, hapo hamna daawa.»

«Na wakitangaza mapato yetu sokoni?»

«Hapo mnayo.»

«Basi soma tena kile cha kwanza polepole, maana kuna watu hapa wamekwisha kutoa kiwanja.»

Watu hao walikuwapo kweli, na mmoja alikuwa amekataa mpangaji mwingine kwa kuitumainia sentensi ya mfasiri wa awali. Kamati ilizungumza kwa Dholuo kwa kitambo kirefu, kisha ikaomba kifungu cha ghala kibaki katika hati kama nia, na kiwanja kisitolewe mpaka kuwe na mkataba wa pango peke yake, wenye kodi, muda na saini za shirika. Shirika lilikubali, likaongeza pia katika Kiingereza ile kinga niliyokataa kuitia mwenyewe, nami nikaifasiri kwa furaha. Kuhusu lugha, wakakubaliana kwamba maandishi yote mawili yawe na nguvu sawa, shauri ambalo sikulipenda sana, kwa sababu linafanya kila tofauti ya tarjuma kuwa mzozo unaongoja siku yake. Lakini kamati ilisema haitaki kutia saini maandishi ambayo mtu aweza kuyapuuza kwa kuonyesha mengine, na hilo sikuwa na la kulijibu.

Mkataba wa pango nilipewa kuufasiri miezi michache baadaye. Ulikuwa wa kurasa mbili, na ndani yake shirika «linawajibika kulipa» na mwenye kiwanja «analazimika kukabidhi», kila kifungu kwa namna hiyo, wala hapakuwa na «kukusudia» hata kumoja.