Chapo na Kasha Lake

Mara ya kwanza nilimpeleka Chapo kwa daktari akiwa ndani ya katoni ya sabuni niliyoifunga kwa selotepu. Tulifika stejini tu. Katoni ililowa mkojo, ikapasuka chini, na paka akachomoka kama mshale akaingia chini ya vibanda. Alirudi usiku wa manane, mwenyewe. Mimi nilibaki na mikwaruzo kumi na miwili mkononi. Niliihesabu.

Chanjo ya kichaa cha mbwa ikabaki haijadungwa, na hilo halikuwa jambo la mchezo. Ploti yetu ina watoto, na Chapo hulala nao kwa ngazi kama mtoto mwenzao.

Nikanunua kasha la plastiki la kubebea paka, lile lenye mlango wa waya. Nikaliweka juu ya kabati, na asubuhi ya safari nikaliteremsha. Chapo aliliona, akaingia mvunguni. Nilipomvuta na kujaribu kumsukuma ndani, alitanua miguu yote minne mlangoni. Nikampigia daktari kuomba siku nyingine.

"Kijana, hilo kasha hukaa wapi?" akaniuliza.

"Juu ya kabati, daktari."

"Basi kwake hiyo ni mariamu ya polisi. Ikionekana tu, kuna mtu anabebwa."

Akaniambia niliache sakafuni, kila siku, liwe kama kiti tu. Mimi huandika nyumbani tangu niache chuo, kwa hivyo muda ninao. Pesa ndiyo sina.

Nilianza kwa kuling'oa paa na mlango. Sehemu ya chini ikabaki wazi kama beseni. Ndani nikatandika fulana niliyokuwa nimeilalia siku tatu, bila kuifua, maana paka huamini pua yake kabla ya macho. Nikaliweka kando ya kitanda, pale jua la alasiri huingia, kisha nikajifanya sina habari nalo. Omena moja hatua mbili kutoka kwa kasha. Kesho yake kwa ukingo. Halafu ndani. Siku ya tano nilitoka kuoga nikamkuta amejikunja juu ya fulana yangu, anakoroma.

Hapo nikarudisha paa, bila mlango. Alipozoea, nikarudisha mlango pia, na hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Unafunga, unahesabu moja hadi tatu, unampitishia omena kwenye waya, unafungua. Unafungua kabla hajalalamika, si baada. Ukingoja alie ndio ufungue, umemfundisha kulia.

Mimi nilikimbilia mwisho. Tulikuwa tumefika sekunde kumi, nikajiambia wacha nimfungie nikimbie dukani kununua unga. Dakika tano tu. Niliporudi masikio yalikuwa yamelala, mboni za macho zimetanuka, na alikuwa akijilamba midomo ilhali hakuna chakula. Siku mbili hakukanyaga kasha. Ikabidi niling'oe paa tena, nianze na omena ya ukingoni. Unga huo ulinigharimu wiki nzima.

Tulipoelewana tena nikaanza kumbeba. Ukishika mkono wa juu peke yake, kasha linayumba kama ndoo, na paka anaona dunia inazunguka. Kwa hivyo hulikumbatia kifuani, mikono miwili chini, na leso juu ili asione kila kitu. Siku moja hadi kwa ngazi. Siku nyingine hadi stejini, tukasikiliza honi, tukarudi nyumbani. Ilikuwa muhimu atoke bila kudungwa sindano.

Wiki ya sita tukaenda. Nilimpunguzia chakula cha asubuhi, asitapike njiani na omena iwe bado na thamani. Konda alifunua leso kidogo, akacheka. "Huyu mzee analipa?" Kwa daktari nililiweka kasha juu ya benchi, mbali na mbwa aliyekuwa akihema sakafuni. Daktari hakumvuta nje. Alifungua vibanio, akaondoa paa, akamwacha amelala kwenye ile sehemu ya chini na leso ikimfunika kichwa, akamdunga hapo hapo. Chapo alinguruma mara moja. Simlaumu.

Kabla hatujaondoka daktari alinionya kwamba si kila safari itanipa wiki sita. Paka dume akichuchumaa tena na tena bila kutoa mkojo, ni dharura ya siku hiyo hiyo. Hapo unamfunga kwa taulo, unamwingiza, unakimbia, na kama kasha ni kitanda chake mmeokoa dakika nyingi.

Tulipofika nyumbani niliacha mlango wazi, kasha pale pale kando ya kitanda. Alitoka, akanywa maji, akaninyima uso hadi saa tatu usiku. Kisha akarudi ndani, akazunguka mara mbili, akailalia fulana yangu.