Risala Isiwe Wasifu wa Marehemu

Mwanangu,

Rasimu ya risala ya kumuaga bwana shamba wenu nimeisoma kwa makini. Umeiandika kwa mapenzi, hilo linaonekana. Lakini sikiliza sentensi zako mwenyewe: "alikuwa mchapakazi", "alikuwa mtu wa watu", "ameacha pengo lisilozibika", "tutamkumbuka daima". Haya ndiyo tunayosomewa kwenye wasifu wa marehemu, na kila atakayekuwa ukumbini ameshayasikia msibani. Mwenyewe atakuwa amekaa meza ya mbele, mkewe ubavuni. Atasikia anavyozikwa, kisha atatakiwa asimame kushukuru.

Anza kwa kusema naye badala ya kusema habari zake. Pale ulipoandika "alifika wilayani", andika "ulifika wilayani". Halafu chunga nyakati. Aliyoyatenda yamepita, yaseme kwa wakati uliopita: ulifundisha, ulitembea, ulikataa kusaini. Tabia yake bado anayo, hiyo iseme kwa wakati uliopo: una subira, unamsikiliza mkulima mpaka amalize. Ukipitia karatasi yako yote kwa jicho hilo moja, nusu ya msiba itakuwa imeondoka.

Nusu nyingine inatoka upande wa pili, kwenye ile aya ya mshereheshaji: "sasa ni zamu ya kula bata, akalee wajukuu, ale pensheni yake taratibu". Ifute yote. Ana miaka 51. Watumishi wote mtakaokuwa hapo mnajua kwamba kustaafu kwa hiari ni miaka 55 na kwa lazima ni 60. Huyu hakuomba kupumzika. Jopo la madaktari limependekeza, na mwajiri amekubali. Ukisema "ameamua kupumzika" unamtungia uamuzi ambao hakuufanya, tena mbele ya watu wanaojua. Na habari za kiinua mgongo ziacheni kabisa. Mafao bado yako kwenye taratibu za Mfuko, dawa zinanunuliwa kila mwezi, na mzaha mmoja wa fedha kwenye kipaza sauti utamletea wakopaji mlangoni kabla hata yeye hajaiona shilingi.

Sasa lile unaloliogopa: sababu ya kuondoka kwake. Usiiandike kabla hujaonana naye. Nenda nyumbani kwake, usipige simu, umuulize: "Kaka, sababu ya kuondoka kwako ungependa tuitaje namna gani, au tusiitaje?" Ugonjwa ni wake, na habari yake ni mali yake. Akiruhusu itajwe, andika hivi: "Madaktari wamekushauri uache kazi ya kuzunguka vijijini, nawe umekubali ushauri wao." Nukta. Jina la ugonjwa halihitajiki, kwa kuwa kila mtu ameona kwamba pikipiki hawezi tena kuiendesha. Asiporuhusu, andika: "Unaondoka mapema kuliko ulivyopanga, na mapema kuliko tulivyopenda." Hiyo nayo ni kweli tupu.

Mojawapo ya hizo inatosha, na iseme mara moja tu. Usiizungushe kwa "yaliyomkuta", "mtihani huu" au "hali aliyonayo". Unajua huku kwetu ugonjwa ukikaa muda mrefu watu huanza kutafuta mkono wa mtu nyuma yake, na maneno ya kufichaficha ndiyo yanayowapa pa kuanzia. Wala usimwite shujaa anayepigana vita na maradhi. Siku akizidiwa, mtu uliyemwita shujaa ataona ameshindwa.

Baada ya sentensi hiyo, ingia moja kwa moja kwenye kazi. Hapa ndipo rasimu yako ilipo nyembamba, na ndipo ungepaswa kukaa zaidi. "Amewahudumia wakulima kwa moyo" linafaa kwa bwana shamba yeyote nchini. Yeye alifanya nini? Mwaka 2017 viwavijeshi vamizi walipoingia kwenye mahindi yetu, watu walinunua dawa na kunyunyiza saa sita mchana, jua likiwa kali, halafu wakalalamika kwamba dawa ni feki. Yeye ndiye aliyekuja shambani kwa kaka yangu asubuhi na mapema, akapiga magoti kwenye tuta, akaupanua moyo wa mhindi kwa vidole vyake. Ndani kulikuwa na kinyesi kama machujo ya mbao, na chini yake kiwavi mwenyewe, ana alama ya Y iliyopinduliwa kichwani na madoa manne karibu na mkia. Akatuonyesha kwamba mchana kiwavi hujichimbia humo ndani, dawa haimfikii. Inyunyizwe alfajiri au jioni, ielekezwe kwenye moyo wa mmea, na iwahi kabla kiwavi hajakua. Asiye na pesa akamwambia atie majivu au mchanga kidogo humo humo, akianza na mimea aliyoiona imeliwa.

Andika hilo. Andika alfajiri, magoti, vidole. Mtu akisikia kwamba kuna aliyemwona akifanya kazi yake, hahitaji sifa nyingine. Na wale vijana wapya wa idara wataondoka na kitu cha kutumia kesho yake.

Ulichoandika mwishoni, "milango ya ofisi iko wazi, karibu wakati wowote", ni ahadi isiyo na mwenyewe. Mgonjwa ataitafsiri kuwa hamtamtegemea tena. Badala yake mtafute nani anarithi kata zake, na lile daftari lake kubwa, lenye majina ya wakulima na tarehe za kupanda za kila msimu, litamfikia nani. Kama yeye mwenyewe atapenda, na nguvu zikiruhusu, kijana huyo amtembelee kabla ya msimu wa kupanda wapitie kurasa hizo pamoja. Hilo linaweza kusomwa kwenye risala kwa jina na kwa mwezi. Ila kama hamna hakika mtatimiza, lisisomwe.

Mambo ya ukumbini ni machache. Fanyeni mchana, jua likiwa limepasha. Jioni baridi ya huku haimfai. Risala isomwe kabla ya chakula, isizidi dakika tano, na yeye asikilize akiwa ameketi. Kama atataka kujibu, mpelekeeni kipaza sauti mezani. Asipotaka, mkewe au mwanawe aulizwe mapema, si hapo hapo mbele ya watu. Na anayefungua kwa sala aelezwe: awaombee wote, afupishe. Nimeona mgonjwa akiwekewa mikono kichwani mbele ya wafanyakazi wenzake bila kuulizwa, na mchana wote uliobaki hakuinua uso.

Rekebisha aya ya kwanza na ile ya kazi leo, nafasi ya sababu iache wazi. Ukishatoka kwake nipigie, tuijaze pamoja kwa maneno aliyokubali yeye.

Shangazi yako,
Sumbawanga