Mafuta ya Kidari na Pilau ya Ijumaa

Mkaazi wa Pwani haridhiki na nyama kavu, na hilo nalijua kwa mama mkwe wangu. Daktari alipomwagiza apunguze uzito kwa ajili ya magoti na sukari yake, tukawa twampikia steki tupu isiyo hata chembe ya mafuta. Siku tatu alikula kwa adabu. Siku ya nne akaisukuma sahani, akasema, "Mwanangu, hii ni kamba, si nyama." Siku hiyo aliishia kula mkate wa mayai, na ile nafuu tuliyoitafuta ikapotea papo hapo.

Neno la mama lilikuwa na ukweli. Steki ni mnofu usio na mafuta wala mishipa ya kuyeyuka, na ukiichemsha muda mrefu huminya maji yake yote ikakauka. Nyama ya muundi ni tofauti. Mafuta yake ni machache, lakini imejaa mishipa myeupe ambayo, ikipikwa polepole kwa saa mbili au tatu, huyeyuka ikawa ute mzito unaofanya mchuzi ushike mdomoni. Utamu mwingi tunaodhani ni wa mafuta kwa hakika ni wa ute huo. Basi ukifika buchani usiseme tu "kilo moja ya mfupa". Taja muundi, au paja la mbuzi, uone mwenyewe kinachokatwa.

Lakini pilau ya Ijumaa nyumbani kwetu ni ya kidari, na kidari kina mafuta. Sikukiondoa; niliibadili njia ya kukipika. Kwanza nakitia katika friji hadi kipoe sana, kwa sababu mafuta baridi huwa magumu na kisu kikali huyafuata bila kuteleza. Nakata yale yaliyo juu na yaliyo baina ya minofu. Yaliyoingia ndani ya nyama hayakatiki, na hayo ndiyo yanayotaka kazi ya usiku.

Jioni ya Alhamisi nakichemsha kilo moja kwa tangawizi, thomu na chumvi, moto ukiwa mdogo, maji yakitetema tu. Hapa ndipo wengi huharibu: moto ukiwa mkali, mafuta huvurugika ndani ya supu yakawa matone madogo mno, na hayapandi tena juu. Utalijua hilo kwa supu kuwa nyeupe kama tui. Nyama ikilainika naitoa, kisha naigawa supu katika mabakuli mapana ili ipoe upesi, maana joto letu halisamehe. Haifai kukaa nje zaidi ya saa mbili kabla ya kuingia friji.

Asubuhi juu ya supu pameganda utando mgumu, nao hunyanyuka kwa kijiko vipande vipande. Chini yake kuna kitu kinachotetemeka kama halua changa. Jamani, hicho msikimwage! Nimeona mashoga zangu wakikitupa wakidhani ni mafuta. Ndicho ule ute, na ndicho kitakachompa mlaji shibe.

Ijumaa moja niliupima utando huo kwa mizani ya keki: gramu 90, na hayo ni baada ya kisu kupita. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, hali wanga na protini zina kama 4 tu. Zamani tungeyala hayo yote, na juu yake robo kikombe ya mafuta ya kupikia kwa kukaangia vitunguu. Sasa vitunguu navikaanga kwa vijiko viwili vya utando uleule, bila kutia mafuta mengine. Harufu ya bizari nzima, iliki na mdalasini hushikwa na mafuta, kwa hiyo pilau isiyo na mafuta kabisa hunuka maji. Hivyo viwili vyatosha. Kwa mwenye maradhi ya moyo, vijiko hivyo viwe vya mafuta ya mimea. Kalori ni zilezile, lakini mafuta ya nyama hupandisha kolesteroli zaidi. Kwetu tuko walaji wanane, na nikipiga hesabu kila mmoja huepukana na kalori 130 hivi, nyama ikiwa ileile na mchele uleule.

Mchele naupikia supu hiyo badala ya maji. Vitunguu vyataka subira: kwa mafuta haba huungua upesi, basi moto uwe wa wastani, na vikianza kushika sufuria natia kijiko cha supu, si cha mafuta, hadi viwe rangi ya kahawa. Mama mkwe hula sahani moja, kachumbari nyingi pembeni, na siku hizi huuliza tangu Jumatano kama kidari kimeshanunuliwa.